Shemeji na mgeni wanataka kubadili katiba ya kampuni. Mkataba wetu ulikuwa karatasi tu?

*Mpendwa Mshauri,*

*Miaka sita iliyopita tulianzisha kampuni ya vifungashio tukiwa watatu: mimi, mume wa dada yangu, na rafiki tuliyesoma naye. Hisa ni 1,000. Shemeji ana 450, rafiki alikuwa na 350, mimi nina 200. Katiba ya kampuni hatukuitunga wenyewe. Tulichukua ile ya mfano iliyopo kwa msajili, tukajaza majina. Mambo yaliyotugusa hasa tuliyaweka kwenye mkataba wa wanahisa, tukausaini sote watatu mezani kwa dada: anayetaka kuuza hisa aanze na wenzake, hisa mpya zisitolewe bila sote kukubali, na mimi nitakuwa na kiti kwenye bodi ilimradi ninashika angalau asilimia 10.*

*Miezi minne iliyopita rafiki aliuza hisa zake zote kwa mfanyabiashara mmoja bila kuniambia. Nilikuwa safarini. Niliporudi nikakuta kikao cha bodi kimeshafanyika na jina la mgeni limeshaingia kwenye rejesta ya wanahisa. Nilipomwonyesha mkataba alinijibu kwa upole kabisa: "Huo ni wenu, mimi sikusaini. Nilisoma katiba kabla ya kununua, haina kizuizi."*

*Sasa nimeletewa notisi ya mkutano. Wanataka azimio maalumu la kufuta kifungu cha katiba kinachosema hisa mpya zigawiwe kwanza wanahisa waliopo kwa uwiano wa hisa zao. Baada ya hapo zitolewe hisa mpya 1,200, zote kwao wawili. Azimio linahitaji asilimia 75 ya kura, na wao wana 80.*

*Dada analia, ananiomba nisimfikishe mumewe mahakamani. Je, mkataba ule ulikuwa karatasi tu? Nilitakiwa kuandika kila kitu kwenye katiba? Au niuze niondoke zangu? Mkutano ni baada ya siku 19.*

*Mwenye hisa 200*

---

Ndugu yangu,

Pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye namba ile ya 1,200. Niruhusu nianzie hapo, maana nadhani hukuipigia hesabu. Leo una 200 kati ya 1,000. Zikitoka hizo mpya, kampuni itakuwa na hisa 2,200, na 200 zako zitakuwa asilimia 9 na kidogo. Kiti chako kwenye bodi kimefungwa kwenye sharti la asilimia 10. Wangetoa 1,000 tu ungebaki kwenye 10 kamili na kiti chako kingekuwa salama. Sisemi wamekusudia, kwa sababu huenda kampuni inahitaji mtaji na namba imetokana na fedha inayotafutwa. Lakini una haki ya kuuliza, tena kwa maandishi: fedha hizo zinakwenda kufanya nini, na kwa nini hisa ni 1,200?

Sasa hilo la karatasi tu. Naelewa kwa nini umelisema: ulimwonyesha mtu mkataba akauweka kando, na moyo ukakukatika. Lakini angalia alichokisema mgeni. Hakusema mkataba haufai. Alisema yeye hakuusaini. Hayo ni mambo mawili, na tofauti ya katiba na mkataba wa wanahisa imekaa hapo katikati.

Katiba ya kampuni hufuata hisa. Kazi yake ni kuiwekea kampuni kanuni za kujiendesha: mikutano inaitwaje, wakurugenzi wana mamlaka gani, hisa zinahamaje, kura zinahesabiwaje. Sheria huitendea kana kwamba kampuni na kila mwanahisa wameisaini, hata yule aliyenunua hisa jana na hajaifungua. Ni kama mtu anayenunua shamba lenye njia ya wapita njia: akishanunua shamba, njia ni yake kuivumilia, awe aliiona au hakuiona. Ndiyo maana katiba huwekwa kwa msajili, mahali ambapo mnunuzi yeyote anaweza kuisoma kama mgeni wenu alivyoisoma.

Mkataba wa wanahisa wenyewe hufuata mtu. Unawafunga waliotia saini, basi. Rafiki alipouza, hisa zilikwenda kwa mgeni lakini ahadi zilibaki mikononi mwa rafiki. Kwa hiyo mgeni yuko sahihi kuhusu nafsi yake, na nisingependa upoteze siku zako 19 kubishana naye juu ya hilo.

Ila shemeji yako alisaini. Yeye hakuuza, hajatoka, na saini yake bado iko pale. Unasema "wao wana 80", na hapo ndipo ningependa tutulie kidogo, maana 80 hiyo umeipata kwa kujumlisha kura za mtu aliye huru na kura za mtu aliyeahidi. Mgeni ana 350 zisizofungwa na lolote. Shemeji ana 450, na kama aliahidi kwamba hisa mpya hazitatolewa bila wewe kukubali, basi hana uhuru wa kulipigia kura ya ndiyo azimio ambalo kazi yake ni kuzitoa bila ridhaa yako. Ukiziondoa hizo, kura za kuunga mkono ni 350. Ukizihesabu upande wako, za kupinga ni 650. Hata shemeji akijizuia tu asipige kura, za ndiyo zitakuwa 350 dhidi ya 200 zako, yaani kama asilimia 64 ya kura zilizopigwa, na azimio maalumu halipiti.

Hili lilishafika mahakamani. Mwaka 1992 Baraza la Malodi la Uingereza, wakati huo likiwa mahakama ya juu, liliamua shauri la Russell dhidi ya Northern Bank, kuhusu kampuni ya matofali ya Ireland ya Kaskazini. Wanahisa walikuwa wamekubaliana kwamba mtaji mpya wa hisa hautaundwa wala kutolewa bila kila aliyesaini kuridhia kwa maandishi. Kampuni yenyewe nayo ilikuwa imesaini. Baadaye kukaja pendekezo la kuongeza mtaji, na mwanahisa mmoja akapinga. Malodi walisema kampuni haiwezi kujifunga mikono isitumie uwezo ambao sheria imeipa wa kubadili mtaji wake, hivyo ahadi ya kampuni haina nguvu. Lakini wanahisa wanaweza kuahidiana wao kwa wao jinsi watakavyopiga kura zao, na ahadi hiyo inasimama. Wakaitenga ahadi ya kampuni na kuiacha ile ya wanahisa hai. Mahakama za nchi nyingine zinazofuata mkondo wa sheria ya Kiingereza huzitazama hukumu za namna hii, ingawa kila nchi ina sheria yake ya makampuni na wakili wa kwenu ndiye atakayekuambia inakaaje huko.

Kwa hiyo kabla ya kuamua chochote, fungua mkataba usome kifungu kile neno kwa neno, siyo kwa kumbukumbu. Umeniandikia "hisa mpya zisitolewe". Nani aliahidi? Kama kimeandikwa "Kampuni haitatoa hisa", uko kwenye upande dhaifu wa hukumu ile, na wakili wako atalazimika kuhoji kwamba nia yenu ilikuwa ninyi wanahisa kujifunga. Kama kimeandikwa "Wanahisa wanakubaliana kwamba", uko pazuri. Bora zaidi kama kuna sentensi inayosema kila mwanahisa atazitumia kura zake kutimiza mkataba huu. Tafuta pia vifungu viwili ambavyo watu huvipita haraka: kinachosema mkataba unakoma lini (baadhi hukoma mmoja akiacha kuwa mwanahisa, na rafiki yenu ameacha), na kinachosema katiba ikigongana na mkataba upi uufuate. Kifungu cha namna hiyo hakiwezi kumfunga mgeni, lakini kinaweza kumfunga shemeji aipigie kura katiba iendane na mkataba.

Upande wa rafiki aliyeuza, sitaki nikupe matumaini makubwa kuliko yaliyopo. Amevunja ahadi, na unaweza kumdai fidia. Ugumu ni kuipima hasara. Je, ungekuwa na fedha za kununua hisa 350? Kwa bei ile? Mahakama itauliza. Kuzirudisha hisa ni kazi nzito zaidi, kwa sababu mgeni alilipa na jina lake liko kwenye rejesta. Kama ungejua kabla ya mauzo, ungeweza kuomba zuio. Na kama haki ya wenzake kununua kwanza ingekuwa ndani ya katiba, wakurugenzi wasingekuwa na ruhusa ya kumwandikisha mgeni, naye asingeweza kusema hakujua.

Hata hivyo umetaja mambo mawili kwa kupita ambayo mimi nisingeyapita. La kwanza, kikao cha bodi kilichofanyika ukiwa safarini. Wewe ni mkurugenzi. Je, uliletewa taarifa ya kikao, hata kwa ujumbe wa simu? Safari haimwondolei mkurugenzi haki ya kujulishwa, na kikao kilichoitwa kwa kumruka mmoja kinaweza kupingwa pamoja na kilichoamuliwa humo. Angalia pia kama katiba yenu ya mfano inawapa wakurugenzi uwezo wa kukataa kuandikisha uhamisho wa hisa, kwa maana nyingi za mfano huwapa. Kama upo, shemeji alikuwa na njia ya kuitetea ahadi yake na hakuitumia. La pili ni mgeni. Anasema alisoma katiba kabla ya kununua. Je, na mkataba alikuwa anaujua? Mtu anayemshawishi mwingine avunje mkataba huku akijua upo anaweza kuwajibika, hata kama hakuusaini. Usimtuhumu. Muulize tu ni lini alisikia habari zake, na uandike jibu lake siku hiyo hiyo.

Umeuliza kama ulitakiwa kuandika yote kwenye katiba. Naona unajilaumu, na sidhani lawama hiyo ni yako kwa ukubwa huo. Katiba nayo ina matundu yake. Inasomwa na yeyote, kwa hiyo mishahara, mikopo mliyokopeshana na bei ya kununuliana hisa mkiachana watu hawapendi kuyaanika humo. Na inabadilishwa kwa robo tatu ya kura, wakati mkataba kwa kawaida haubadiliki bila kila aliyesaini kukubali. Haki yako ya hisa mpya iko kwenye katiba leo, na tazama, ndiyo hiyo wanayotaka kuifuta. Ahadi ya shemeji iko kwenye mkataba, na hawana azimio la kuifuta.

Kuna shauri la zamani, la 1876, la wakili aitwaye Eley. Katiba ya kampuni moja ya bima ilisema yeye ndiye atakayekuwa wakili wake, na asiondolewe ila kwa utovu wa nidhamu. Baadaye kampuni ikaacha kumpa kazi. Alishtaki na akashindwa: katiba ni makubaliano ya kampuni na wanahisa katika nafasi yao ya uanahisa, haimpi mtu ajira wala kazi ya uwakili. Alihitaji mkataba wake mwenyewe. Kwa hiyo kama unasimamia uzalishaji pale kiwandani na unalipwa mshahara, hilo lisitegemee katiba wala mkataba wa wanahisa. Dai mkataba wa ajira.

Kiti chako kwenye bodi ni habari nyingine, hicho kingefaa kukaa kwenye katiba. Katika shauri la magazeti ya Cumbrian, lililoamuliwa 1986, kampuni moja ya magazeti ilichukua kama asilimia 10 ya hisa za nyingine, na katiba ya ile nyingine ikaipa haki ya kuteua mkurugenzi ilimradi inashika angalau asilimia 10, pamoja na haki ya kununua hisa kabla ya wengine. Mahakama ilisema haki alizopewa mwanahisa mahususi namna hiyo ni haki za daraja, yaani haki za kundi fulani la hisa peke yake, hata kama hisa zake hazikupewa jina tofauti, na haziwezi kuondolewa bila yeye mwenyewe kuridhia. Unaona jinsi ilivyo karibu na yako? Haki ya kila mtu kwenye katiba hufutwa na robo tatu. Haki ya daraja lako haiguswi bila wewe. Zikitengenezwa vizuri, hisa zako 200 zinaweza kupewa daraja lao na haki ya kiti ikaandikwa juu yake, nayo ingemfunga mgeni na yeyote atakayenunua baada yake.

Lakini ili katiba ibadilishwe hivyo unahitaji kura zao, na hapo tunarudi kwa shemeji.

Ningependa umpelekee hesabu moja ambayo huenda naye hajaifanya. Leo yeye ana 45, mgeni 35, wewe 20. Hakuna mwenye nusu. Katika azimio la kawaida, utakayesimama naye ndiye anayeshinda, na shemeji akiwa nawe mna 65. Hisa 1,200 zikigawiwa wao wawili, uzito huo wako unayeyuka. Notisi, kama ulivyoieleza, haisemi nani atachukua ngapi. Wakigawana nusu kwa nusu, shemeji atakuwa na 1,050 na mgeni 950. Mgeni akichukua 751 kwa sababu ana fedha zaidi, atakuwa na 1,101 kati ya 2,200, na kampuni ni yake. Shemeji atabaki na hisa nyingi na katiba ya mfano isiyomlinda, kama wewe leo. Sijui amepanga nini na mgeni, lakini hili ni jambo ambalo ndugu anaweza kumwambia ndugu bila kutaja mahakama.

Mgeni pia ana sababu ya kukaa mezani. Ana 35, kwa hiyo leo hakuna azimio maalumu linaloweza kupita bila yeye, na ndiyo maana katiba peke yake inamtosha. Lakini shemeji akiuza hisa zake kesho kwa mtu asiyemjua, katiba ile ile aliyoifurahia haina kizuizi cha kumlinda. Anaweza kukubali kusaini hati ya kujiunga na mkataba ikiwa na yeye atapata haki ya kununua kwanza, na ikiwa kampuni itapata mtaji kwa njia ambayo nawe umepewa nafasi ya kuchangia. Hatari ya njia hii ni muda. Mazungumzo matamu yanaweza kukufikisha siku ya 19 mikono mitupu. Kwa hiyo omba mkutano uahirishwe, na kuahirishwa kwenyewe kuwe kwa maandishi.

Njia ya mahakama usiidharau kwa sababu ya machozi ya dada. Kumwomba hakimu amzuie mtu asipige kura kinyume cha ahadi yake siyo sawa na kumdai fedha au kumshtaki kwa wizi. Ni kumtaka asimame alipoahidi kusimama. Hata hivyo ina gharama, ina kiapo kitakachosomwa na watu wote wawili nyumbani kwa dada, na hakimu anaweza kuona kwamba fidia inakutosha. Ukisubiri kura zipigwe, utabaki unaomba kufumuliwa kwa jambo lililokwisha fanyika, na hilo ni gumu zaidi.

Kuuza nako siyo aibu. Ila ukiuza sasa unauza asilimia 20 yenye kura inayoamua mshindi na madai mkononi. Ukiuza baada ya mkutano unauza 9. Soma mkataba unasemaje kuhusu kupanga bei, hasa kama mthamini anaruhusiwa kupunguza thamani kwa kuwa ni hisa za wachache. Punguzo hilo linaweza kula sehemu kubwa ya ulichojenga kwa miaka sita.

Mkataba huo mliusaini mezani kwa dada. Sioni ubaya ukiufungua hapo tena na shemeji, wawili tu, kabla wakili wa yeyote hajaandika barua ya kwanza. Mwekee kidole kwenye kifungu cha hisa mpya, kisha kwenye saini yake, umuulize anakusudia kufanya nini na zile kura 450. Jibu lake ndilo litakalokuonyesha njia ipi kati ya hizi inakufaa. Lakini nenda wiki hii, na kabla hujaenda umwone wakili umwachie nakala ya mkataba, katiba na notisi, ili kama jibu halitakuwa zuri awe na siku za kutosha kuomba zuio kabla ya mkutano.